Tupeane uzoefu: plastiki kuvuja kwenye bloku ya hita ya printa ya 3D

Bundi_Mchapaji: Jana nilivua soksi ya silikoni nibadilishe nozo, nikakuta bloku nzima imezingirwa na plastiki nyeusi iliyoungua, ngumu kama lami. Wiki nzima printa ilichapisha vizuri, ila matone ya kahawia yalidondokea kazi mara mojamoja. Nozo niliikaza kwa nguvu zangu zote. Waliopatwa na haya naomba wasimulie.

Karakana_ya_Nyuma: Umenitonesha kidonda. Niliiacha printa ikifanya kazi usiku kucha, na asubuhi donge lenye ukubwa wa limau lilikuwa limemeza bloku pamoja na waya za thamista inayopima joto. Kwa haraka nikalivuta likiwa baridi, waya zikakatika, na kioo kikaandika `MINTEMP`. Bila thamista printa haikubali kupasha hita, hivyo nililainisha donge lile kwa mashine ya hewa moto, kipande kwa kipande, hadi jioni. Nilipomaliza ndipo nikaona kosa lenyewe: kichwa cha nozo kilikuwa kimelala juu ya bloku, hakuna hata upenyo wa kupitisha karatasi.

mtumiaji_wa_pwani: Yalinikuta hayo hayo.

Tone_la_Asubuhi: Yangu hudondosha uzi kwenye ncha kabla ya kuanza kuchapa. Nayo ni kuvuja?

Spana_Saba: Hapana, huko ni kuchuruzika kwa kawaida. Bundi, nguvu zako zote ziliishia kwenye bloku. Kinachozuia plastiki ni nozo kubanana na mrija wa juu ndani ya bloku, si kichwa chake kubana bloku. Ingiza nozo hadi mwisho, irudishe robo hadi nusu mzunguko, kisha ingiza mrija mpaka uguse nozo. Pasha hadi nyuzi 285, shika bloku kwa spana moja, na kaza nozo kwa nyingine bila kutumia mabavu. Alumini hutanuka kuliko shaba na chuma, ndiyo maana kilichokazwa kikiwa baridi hulegea kikipata moto. Ukimaliza, lazima ubaki upenyo mdogo kati ya kichwa cha nozo na bloku.

Karakana_ya_Nyuma: Nyuzi 285 usimshauri kila mtu! Mrija wa tefloni ukifika hadi kwenye nozo, joto hilo litauharibu na kutoa moshi mbaya. Mimi huishia 240.

Spana_Saba: Hapo nakubali, nilizungumzia printa ambayo mrija wake ni chuma kitupu, bila tefloni.

mtumiaji_wa_pwani: Ila soksi inatosha kuzuia kuvuja.

Spana_Saba: Haizuii. Hutunza joto lisiyumbe feni inapopuliza, na plastiki ya nje haishiki kwenye bloku. Uvujaji yenyewe huuficha, kama ilivyomfichia Bundi. Mimi huivua baada ya kukaza, nachapisha kitu kidogo, natazama kwa tochi. Nisipoona unyevu unaong'aa kwenye nyuzi za skrubu, ndipo naivisha.

Bundi_Mchapaji: Nimetazama kwa tochi sasa hivi. Upenyo haupo kabisa, na plastiki imetokea juu, kwenye mrija.