Brifu ya mistari miwili, lawama zote kwa msomaji!

Wakuu, nimechoka. Niko Bagamoyo, riziki yangu ni kusoma skripti kwa sauti. Juzi nikapata kazi ya kusimulia historia ya mji, watalii wasikilize kwenye simu wakitembea. Brifu yote hii hapa: "Sauti ya kiume, ya makamo, ya kuvutia, lafudhi ya pwani, mwendo wa kawaida. Maneno 600, dakika 4."

Nikarekodi kwa Kimrima changu nilichozaliwa nacho. Jibu: "Lafudhi nzito mno." Kumbe pwani waliyoitaka ni ya mtangazaji wa redio! Na hayo makamo? Nina miaka 46, wakasema nasikika kijana. Kama walitaka babu anayewasimulia wajukuu barazani, si wangeandika hivyo? Msikilizaji haoni cheti changu cha kuzaliwa.

Mwendo ndio ulioniua. Maneno 600 kwa dakika 4 ni 150 kwa dakika, kasi ya msimuliaji wa Kiingereza. Kwetu "walipowahamishia" ni neno moja, silabi nane. Kwao hiyo ni nusu sentensi. Mimi nikisoma kwa utulivu nafika 110. Halafu miaka wameiandika kwa tarakimu: "1868", misheni ilipoanzishwa hapa, kompyuta inahesabu neno moja, mdomo unatamka saba. Nikasoma kwa utulivu, ikatoka dakika tano na nusu, wakakataa. Nikakimbiza, wakasema nasoma kama mnadi samaki. Sasa wanataka mara ya tatu!

Mchumbageni: Pole mkuu. Siku hizi watu wanaweka sauti ya kompyuta tu, mwendo unaongeza asilimia unayotaka.

SikioLaPili: Asilimia inakimbiza silabi, haizipunguzi. Nimeshaandaa sauti hizo: usipoielekeza, barabara ya lami na "barabara" ya sawasawa inazitamka vilevile. Brifu yake inataka maelezo zaidi, si machache. Ila mleta uzi, nawe ulikosea. Ungewaomba rekodi ya mfano ya nusu dakika, kisha ukawatumia aya moja tu kabla ya kurekodi yote. Naye mwandishi wa brifu angesoma skripti kwa sauti, saa mkononi, miaka ikiwa kwa maneno. Kwa kasi yako angeona lazima akate maneno kama 160, au aongeze dakika.

HaluaYaTanga: Natafuta sauti ya kike ya kutangaza halua kwenye bajaji, Ngamiani. Unachaji ngapi?

Mleta uzi: Dada, mimi mwanamume, soma uzi. @SikioLaPili la aya ya mfano nimelikubali. Lakini hizi za kurudia nani analipa?

SikioLaPili: Kwangu ya kwanza bure, zinazofuata wanalipa. Ila huwa tunaandikiana kabla.

Mleta uzi: Sisi hatukuandikiana kitu.