Naomba ushauri: LDPC yangu inashindwa na turbo kwenye vipande vifupi

Wakuu, salamu kutoka Kampala. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho unalinganisha misimbo ya turbo ya 4G na LDPC ya 5G. Sababu ya kuhama naielewa: kisimbuaji cha turbo hutembea biti baada ya biti, mbele kisha nyuma, ilhali LDPC hukagua hadi pariti 384 kwa mpigo na huacha mara tu zote zinapokubali. Kasi inatoka hapo.

Lakini kwa kipande cha biti 200, turbo inakosea mara chache zaidi, na inanisumbua sana. Nilitumia grafu ya msingi ya 1. Kumbe kuanzia biti 292 kushuka inatakiwa ya 2. Je, kosa ni hilo, au marudio 8 ya usimbuaji hayatoshi? Nianze kubadilisha lipi?