Naombeni ushauri: ni "used to" au "use to"? Meneja ameielewa imeili yangu kinyume

Mapokezi_Njiro:
Habari za jioni wakuu. Nipo mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha. Meneja wetu mpya ametoka nje, Kiswahili chake kinaishia kwenye "mambo" na "asante", na kila kitu anataka kwa imeili. Wiki iliyopita alituomba kila mmoja aeleze zamu zake na hali ya kazi. Nikaandika: "I am used to work night shift. We are used to get transport after 10 p.m." Akajibu: "Great to hear, thank you." Leo rasimu ya ratiba ya mwezi ujao imetoka, nimepangwa usiku mwezi mzima, na suala la gari hakuligusa kabisa. Mwenzangu anasema kosa ni hiyo d, ilitakiwa "use to". Ratiba inafungwa Ijumaa na kesho asubuhi nataka kutuma marekebisho. D niitoe au niiache?

Kipara_Moshono:
Haya ndiyo matatizo ya kulazimishana Kiingereza. Mtu amekuja nchi ya watu, ajifunze lugha ya watu. Mwandikie Kiswahili, atafute wa kumtafsiria.

Mapokezi_Njiro:
Mkuu, ushauri huo utanifukuzisha kazi. Nimeuliza kuhusu d.

Dada_Jumla:
"Use to" haipo kwenye Kiingereza, mdogo wangu. Siku zote ni "used to". D yako iache hapo hapo, huyo mwenzako anakupoteza. Kama hataki kuelewa, hilo ni lake.

Mwl_Chaki:
Ndugu mwenye uzi, d isikusumbue kwanza. Nieleze kwa Kiswahili ulichotaka meneja ajue. Kwamba zamani ulikuwa unafanya usiku na sasa hufanyi? Kwamba huwa unafanya usiku mpaka leo? Au kwamba usiku umeshauzoea? Kila moja ina sentensi yake, na uliyoandika haipo sawasawa kwenye hata moja.

Mapokezi_Njiro:
Mwalimu, nilitaka kusema nilikuwa nafanya usiku. Tena gari nalo tulikuwa tunapewa, sasa hatupewi.

Mwl_Chaki:
Basi hapo ndipo ulipomuangusha msomaji. "I used to work nights" ni nilikuwa nafanya usiku, na ndani yake tayari mmesikia kwamba siku hizi sifanyi. Haina "am". Ukishaweka "am", maana inahama: "I am used to working nights" ni nimezoea usiku, haunipi shida. Wewe uliweka "am" ukaacha "work" bila "ing". Meneja akaona "I am used to", akairekebisha kichwani mwake, akasoma kwamba usiku umeuzoea. Ndiyo maana akafurahi. Amekupanga kwa kufuata ulichomwandikia.

Kwa nini "working"? Hiyo "to" iliyopo kwenye "I am used to" hufuatwa na jina la kitu: "I am used to the noise", "I am used to this desk". Ukitaka kuweka tendo mahali pa kitu, tendo hilo linavaa "ing". Ukiwa na shaka, jaribu kuweka "it" pale mwisho. "I am used to it" inakaa vizuri, basi tendo lako litakuwa na "ing". "I used to it" haikai, basi hapo ni tendo tupu: "I used to work".

Kuna na ya tatu itakayokuchanganya ukiiona kwenye vibao vya hotelini: "This room is used to store luggage". Hapo "store" haina "ing" na ni sahihi, kwa sababu chumba kinatumika kuhifadhia mizigo. Ukisema "I am used to work", sentensi inaelekea huko, kama kwamba wewe ni chombo kinachotumika.

Na dada Jumla, "use to" ipo. Ipo baada ya "did". "Did you use to work nights?" "I didn't use to work nights." Ile "did" imeshabeba wakati uliopita, kama tunavyoandika "didn't work" na si "didn't worked". Kosa la mwenzake ni kuitumia kwa kitu ambacho huwa anakifanya sasa. Wengi wetu tunaandika "I use to open the desk at six" tukimaanisha huwa nafungua. Hiyo haipo. Andika "I usually open the desk at six".

Dada_Jumla:
Mbona mimi nimeona "didn't used to" kwenye magazeti ya Waingereza wenyewe?

Mwl_Chaki:
Utaiona, hata wao wanateleza. Ukitamka, d na t zinamezana, hakuna anayesikia tofauti, kwa hiyo mkono unaandika kile ulichozoea kukiona. Kwenye imeili ya kazi kaa na "didn't use to".

Mlinzi_Doha:
Mwalimu umenikumbusha mbali. Nilipoomba kazi ya ulinzi huku, niliandika "I used to work in hot weather" nikijisifu kwamba joto si kitu kwangu. Kwenye usaili jamaa akaniuliza kwa upole kabisa: uliacha kwa nini, ulipata tatizo la kiafya? Nikabaki namtazama. Nilipata kazi, lakini ndani ya jengo, kwenye kiyoyozi. Kosa langu lilikuwa upande wa pili wa kosa la mwenye uzi: yeye aliongeza "am", mimi niliiacha.

Wakili_Wa_Mtaa:
Sarufi pembeni. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Unalipwa? Anza na hapo.

Mapokezi_Njiro:
Nyongeza nalipwa mkuu. Mimi nataka kutoka usiku.

Mwl_Chaki:
Kuna jambo hujalisema. Meneja mgeni anakuta watu kumi wa mapokezi, iweje wewe ndiye umwagiwe usiku wa mwezi mzima kwa sentensi moja mbovu? Kwenye faili lako kuna nini kuhusu usiku?

Mapokezi_Njiro:
Sikuona kama linahusika.

Mwl_Chaki:
Liseme tu.

Mapokezi_Njiro:
Sawa. Mwaka jana niliomba mwenyewe kupelekwa usiku, kwa barua, maana mchana nilikuwa chuo. Masomo yameisha Juni, nikarudi mchana kwa makubaliano ya mdomo na meneja aliyeondoka. Barua bado ipo kwenye faili. Lakini wakuu, barua ile ilikuwa ya wakati ule! Mtu mzima anatakiwa kujua mambo hubadilika. Na imeili yangu mpya tayari nimeiandika, nimebakiza d tu.

Kipara_Moshono:
Kumbe usiku uliuomba mwenyewe! Vijana mnataka mnachotaka siku mnayotaka.

Sikio_La_Kufa:
Hii chai. Meneja mgeni anapanga ratiba peke yake, ofisi ya utumishi iko wapi? Na mtu anayeandika Kiswahili kilichonyooka hivi anakwamishwa na herufi moja? Halafu anatokea mwalimu na maelezo yameshapikwa. Hawa ni mtu mmoja, kesho mtatangaziwa darasa la tusheni.

Mapokezi_Njiro:
Mkuu, ofisi ya utumishi ipo na nimekwenda. Wameniambia mpangaji ni yeye, niandike tena kwa Kiingereza. Ningekuwa natunga, ningejitungia jambo la kunipendeza. Sina sababu ya kukushawishi.

Mlinzi_Doha:
Sikio, hata kama ni chai, mimi nimefaidika. Mwalimu malizia.

Mwl_Chaki:
Tusheni sifundishi. Mwenye uzi, weka hiyo imeili uliyoandika.

Mapokezi_Njiro:
"I used to work nights for eight months because of college. Now I am not used to it. We are used to get transport after 10 p.m. and we want it back."

Mwl_Chaki:
Sentensi ya kwanza ondoa "used to". Ukitaja muda kamili, mambo yamekwisha, tumia wakati uliopita wa kawaida: "I worked nights for eight months because I had classes during the day." "Used to" inapenda mambo yaliyokuwa desturi bila kuyapimia muda.

Ya pili ni hatari. "I am not used to it" ni sijazoea. Mtu aliyefanya usiku miezi minane akisema hajazoea, meneja atafungua faili aone barua yako, halafu hatakuamini tena. Na ukisema hujazoea, jibu lake jepesi ni "You will get used to it", utazoea tu. Mwambie sababu imekwisha: "The classes ended in June and I returned to the day shift. I would like to stay on days."

Ya gari ndiyo yenye uzito. "We are used to getting transport" ukiiweka sawa ni tumezoea kupewa gari. Sarufi ni nzuri, lakini meneja anasoma watu waliodekezwa, tena haimwambii kwamba gari limeondolewa. Unaweza kumwambia hivyo hata kama gari bado linakuja kila usiku, na ndiyo maana hakuligusa. "We used to get transport home after 10 p.m." ni tulikuwa tunapewa, yaani sasa hakuna. Kisha mpe tarehe liliposimama, na ombi lako. Hapo ana kitu cha kujibu.

Mapokezi_Njiro:
Ya kwanza na ya pili nimezichukua. Ya gari, wenzangu tulikubaliana tuseme tumezoea, ili aone tumekuwa tukipewa miaka yote, isionekane tulipewa mara moja moja.

Mwl_Chaki:
"Used to" tayari inabeba desturi. Mara moja moja haiitwi hivyo. Kama mnataka miaka ionekane, andikeni "The hotel provided transport until May".

Wakili_Wa_Mtaa:
Hapo mwalimu amegusa sheria bila kujua. Jambo lililokuwa likitolewa kwa muda mrefu linaweza kudaiwa kuwa sehemu ya masharti ya kazi. Kama linadaiwa au la, itategemea mkataba wenu na jinsi lilivyokuwa likitolewa. Weka ushahidi: lini lilianza, lini lilisimama, nani alitangaza.

Dada_Jumla:
Kwa hiyo "We used to be given" nayo ni sawa?

Mwl_Chaki:
Sawa kabisa. "Be" tupu, kwa sababu hakuna "are" mbele ya "used".

Mapokezi_Njiro:
Nimeandika: "I worked nights for eight months while I was in college. My classes ended in June, and I would like to stay on the day shift. We also used to get transport home after 10 p.m. It stopped in May. Could it be restored?" Wenzangu wawili bado wanataka "we are used to". Nimewaambia watume yao, hii naituma kwa jina langu saa 2 asubuhi kabla hajaingia kwenye kikao.