Yule jamaa wa yadi kaniuzia gari la Kijapani, nilipomuuliza lugha akanidhalilisha mbele za watu!

Mwana_wa_Kisauni:
Jamani nimetoka kwake sasa hivi, mikono yanitetemeka. Simtaji jina, mnamjua. Yule anayelalia kiti cha plastiki chini ya mkungu kutwa kucha kama mfalme, wateja ndio wamfuate.

"Kwani gari umenunua la kuendesha ama la kusoma?"

Hivyo ndivyo alivyoniambia! Mimi! Mbele ya mjomba wa mke wangu!

Gari ni Demio ya 2018, nina wiki ya pili nayo. Skrini nzima Kijapani, hata herufi moja ya kushika hakuna. Nikavumilia. Jana magharibi nipo katikati ya daraja la Nyali, foleni imeganda, mara mlio, alama ya spana yawaka mbele yangu, na skrini imejaa maandishi kama seng'enge. Ni oili? Ni breki? Gari lataka kulipuka? Mke wangu aanza kusoma dua, mtoto alia. Nimeenda hadi nyumbani mwendo wa jongoo, matatu zote za Mombasa zanipigia honi.

Asubuhi nikampelekea. Nikamwomba kwa adabu, bwana, nibadilishie lugha tu. Hakuinuka. Alikuwa anamenya chungwa. Akalimenya lote, ganda refu moja bila kukatika, akaliweka gotini, ndipo akanitazama na kusema, "Gari umenunua la kuendesha ama la kusoma?" Kijana wake wa kuosha magari alicheka mpaka mpira wa maji ukamponyoka, ukamlowesha mjomba kanzu. Kanzu ya kuendea msikitini!

Halafu akanielekeza kwa "fundi wake" aniprogramie kwa shilingi 15,000. Elfu kumi na tano kunifanya nisome gari langu mwenyewe! La kuendesha ama la kusoma, wallahi sitalala.

Kaskazi77:
Pole. Lakini hebu jibu, umenunua la kuendesha ama la kusoma? 😂😂

BintiChangamwe:
Ganda refu moja bila kukatika! Huyo ndiye hasa, kanifanyia vivyo hivyo na Vitz, ila mimi alikuwa ala embe.

Turbo_Likoni:
Mbona rahisi. Toa waya wa betri dakika 10, rudisha. Itasahau kila kitu na kurudi lugha ya kiwandani.

FundiWaya:
Turbo, lugha ya kiwandani ya gari lililouzwa Japani ni ipi? Ni hicho hicho Kijapani. Na usimfundishe mtu kutoa betri ovyo. Redio nyingi za Toyota za kule ukizikatia umeme hujifunga, zikiwaka zadai namba ya siri ambayo huna. Hapo ndipo utakapolipa kweli.

Mwana wa Kisauni, sikiza. Demio yako, ikiwa na ile skrini iliyosimama juu ya dashibodi na kirungu cha kuzungusha karibu na gia, Kiingereza kimo ndani tayari. Hakuna cha kuprogramu. Simamisha gari kwanza, maana likitembea skrini haikubali kuguswa. Bonyeza kitufe chenye picha ya nyumba. Utaona duara tano. Zungusha kirungu mpaka ile yenye gurudumu la meno, bonyeza. Juu patatokea safu ya vichwa. Nenda mpaka kile kilichoandikwa システム. Ndani yake tafuta mstari wenye herufi hizi mbili: 言語. Bonyeza, utaona 日本語 na English. Chagua ya pili, ungoje kidogo. Basi.

Na ile spana si ajali. Ni ukumbusho wa sevisi, uliwekwa na mwenye gari wa kule au karakana yake. Ukishapata Kiingereza, nenda Applications, kisha Vehicle Status Monitor, kisha Maintenance, utaona kilichofika muda wake. Ila usiufute kabla hujabadilisha oili, maana hujui aliyekuuzia alimwaga nini mle.

Mwana_wa_Kisauni:
FundiWaya naenda kwenye gari sasa hivi. Lakini ikiwa ni hivyo tu, basi yule alishindwa kuinuka kwenye kiti kwa kazi ya dakika mbili! Kumenya chungwa kulimchukua zaidi!

Abuu_Fielder:
Nami nimefuata hatua hizo hizo, sioni gurudumu la meno wala duara. Fielder ya 2013. Fundi, herufi mbili ziko wapi?

FundiWaya:
Abuu, hizo ni hatua za Mazda. Redio yako naona ndiyo ile ya kuwekwa na wakala wa Toyota kule, pembeni ina namba inayoanza na NSZT au NSCP?

Abuu_Fielder:
NSZT-W62G.

FundiWaya:
Hiyo haina Kiingereza, ndugu. Si kwamba kimefichwa, hakimo. Wapo wanaokwambia watakiingiza, wengi hula hela tu wakakurudishia kama ilivyokuwa. Weka redio nyingine, au jifunze kitufe cha sauti na cha bluetooth uishi nacho. Maandishi madogo yaliyo kwenye mita mbele ya usukani ni habari nyingine, hayo katika magari mengine hubadilika peke yake.

Turbo_Likoni:
Binamu yangu alibadilisha Fielder. Kwa betri.

FundiWaya:
Yenye redio gani?

Mwana_wa_Kisauni:
NIMEFANYA! Kumi na moja na nusu jioni, nje ya nyumba, jirani wote mashahidi. System, Language, vyote nasoma! Maintenance yasema oili. Oili tu! Mke wangu alikuwa ashaniusia watoto!

Kesho narudi kwake nimuoneshe skrini, nimwambie, "Nimeisoma." Na mjomba atavaa kanzu ile ile. La kuendesha ama la kusoma...

Lakini mbona redio yaishia 90? Stesheni zangu zote ziko juu huko. Na ramani yanionesha Japani tu.

FundiWaya:
Lugha haigusi hayo. Kadi ya ramani ni ya Japani, Mombasa haimo, tumia simu. Redio za kule hushika kuanzia 76, nyingi huishia 90 au 95, na sisi tunakwenda mpaka 108. Kuna kijidude cha kuunganisha kwenye waya wa antena, hushusha masafa ya huku mpaka redio yako iyafikie. Stesheni zitaonyesha namba zisizo zake, lakini zitasikika, ingawa baadhi hukwaruza.

BintiChangamwe:
Mimi hayo yote nasamehe. Ninalotaka kujua ni yule mwanamke. Kila nikiwasha gari anaongea Kijapani, sentensi moja, sauti tamu, kisha kimya. Nimebadilisha redio nzima, bado yumo!

Kaskazi77:
Hata langu! Mume wangu alinuna siku tatu, ati ni nani huyo.

FundiWaya:
Hayumo kwenye redio. Ni kisanduku kidogo cha kulipia barabara za huko, alama yake ETC, anasema kadi haijaingizwa. Tazama ndani ya droo ya mbele ya abiria au chini ya usukani. Chomoa soketi yake, atanyamaza.

Abuu_Fielder:
Usichomoe bila kuuliza nyumbani. Bibi yangu kila akipanda humuitikia "waalaikum salaam mwanangu". Nilipomchomoa, safari nzima ya Malindi aliniuliza nimemfanya nini mtoto wa watu.

Turbo_Likoni:
Safari ya Malindi kwa Fielder mwatumia mafuta ya kiasi gani?