Barua yangu imejaa vijialama vya ajabu, je tarehe inahesabika?

Mama Zuhura, Lyon. Jumatatu, saa 3 usiku

Wapendwa, shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Nimehama nyumba. Funguo nimezirudisha tarehe 3 Machi, euro 650 za dhamana hazijarudi, na ofisi iliyonipangisha (siitaji, najua wengine humu bado ni wapangaji wake) ilinipa siku 15 nipeleke malalamiko kwa maandishi kwenye ukurasa wao. Nikaandika kwenye Word nikiwa nimetulia, nikanakili, nikabandika kwenye kisanduku chao. Siku ya 13 hiyo. Siku ya 17 wananijibu kwamba ujumbe hausomeki, nitume tena. Wakanirudishia na wenyewe nijionee:

```
BonjourÂ !
Je n'ai pas reÃ§u de rÃ©ponse. Pouvez-vous
m'indiquer la date du virementÂ ?
```

Binti yangu anasema kosa ni zile nafasi ninazoacha kabla ya alama ya kuuliza, niziondoe zote. Jirani yangu Mfaransa anasema nikiziondoa nitaonekana sijui kuandika. Naomba mnisaidie mawili: nafasi niziache au nisiziache, na je, siku zangu zinahesabiwa kwa barua ya kwanza au hii ya pili?

Juma, Montreal. Jumatatu, saa 4 usiku

Shikamoo mama. Binti yuko sahihi. Kwa Kifaransa hakuna nafasi kabla ya alama ya kuuliza wala ya mshangao. Nafasi inakuja kabla ya nuktapacha peke yake, na ndani ya zile alama za kunukuu zenye ncha. Mimi naandika Kifaransa ofisini mwaka wa nane huu na hakuna aliyewahi kunirudishia kitu.

Mwalimu Safari, Marseille. Jumanne, saa 12 asubuhi

Juma, huko uliko ni Quebec, mama yuko Lyon. Office québécois de la langue française inawaelekeza hivyo kwa sababu nafasi nyembamba ya wachapaji haipatikani kwa urahisi kwenye kompyuta za ofisini, wakaona heri isiwepo kuliko iwe pana mno. Ufaransa hawakufanya hivyo. Huku alama yenye vipande viwili, yaani nuktapacha, nuktamkato, ya kuuliza na ya mshangao, inatanguliwa na nafasi. Nukta na mkato havitanguliwi na kitu. Nimesahihisha prufu kwenye kiwanda cha uchapaji miaka 19, hili sibahatishi.

Mama Zuhura, shikamoo ya asubuhi. Binti asilaumiwe, ila amekosea mkosaji. Tazama vizuri ulichorudishiwa: hata `é` yako imegeuka `Ã©`. Herufi hiyo haina nafasi yoyote kando yake, na bado imeharibika. Maana yake ni kwamba mtambo wao umesoma maandishi kwa hesabu ya kizamani. Siku hizi herufi yenye alama huhifadhiwa kwa baiti mbili, nao wanaisoma kila baiti peke yake, basi herufi moja inazaa mbili. Word nayo, ukiiambia kwamba unaandika Kifaransa, inaweka yenyewe kabla ya `?` nafasi isiyokatika, ile inayong'ang'ania neno lililo nyuma yake ili alama isidondoke peke yake mwanzoni mwa mstari unaofuata. Nafasi hiyo pia ni baiti mbili, ndiyo maana imekutolea `Â`. Ukiondoa nafasi zote, `Â` zitakwisha na `Ã©` zitabaki. Hutakuwa umepona.

Kwa kisanduku kile fanya hivi. Andika humo humo, gusa kitufe cha nafasi cha kawaida kabla ya alama, usibandike kutoka Word. Halafu barua kamili iambatishe kama PDF, maana humo hakuna wa kuzisoma upya herufi zako. Kwenye Word, ukitaka kuiweka nafasi isiyokatika kwa mkono, ni `Ctrl+Maj+Espace`. Kwenye barua pepe ya kawaida nafasi ya kawaida inatosha, hatari yake ni ndogo tu: kwenye simu, alama ya kuuliza inaweza kuangukia mstari wa pili ikakaa peke yake kama mtoto aliyeachwa stendi.

Bahati, Lille. Jumanne, saa 2 asubuhi

Mama, njo vile iko. Mimi wangenifanyia hivyo ningetuma LRAR, ile barua ya rejista yenye risiti ya kupokelewa, siku hiyo hiyo, nisingegusa kisanduku chao tena. Karatasi haina `Â`.

Mwalimu umenikumbusha mashine ya kupiga chapa ya baba pale Bukavu. Alikuwa karani. Alikuwa anapiga neno, nafasi, nuktapacha, nafasi, na sisi watoto tulikuwa tunajua kwa mlio tu kwamba amefika kwenye nuktapacha. Herufi kubwa yenye alama juu haikuwepo kwenye mashine ile, akawa anaiongezea kwa kalamu. Leo mtu akinipigia simu kutoka kule ananieleza habari nyingine kabisa, siwezi kuandika hapa.

Njeri, Rennes. Jumanne, saa 6 mchana

Poleni wote. Yangu ni tofauti kidogo. Nina majina matatu, na kwenye fomu zote huku wanataka jina la ukoo kwa herufi kubwa tupu. Mara ya kwanza nikaandika yote matatu kwa kubwa kwa sababu nilidhani ni heshima. Kadi ya bima ikatoka na jina la nyanya yangu kama ndilo la ukoo. Miezi saba kulirekebisha! Tangu hapo naandika ukoo kubwa, mengine mawili herufi ya kwanza peke yake, hata kwenye sahihi ya barua pepe.

Lakini Mwalimu, mimi nilifundishwa darasani kwamba herufi kubwa haziwekwi alama juu. Kwa hiyo baba yake Bahati alikuwa anajisumbua.

Mwalimu Safari, Marseille. Jumanne, saa 8 mchana

Hakujisumbua hata kidogo. Waliokufundisha wamerithi udhaifu wa mashine wakaugeuza kanuni. Académie française inasema alama hizo zina thamani kamili ya tahajia hata juu ya herufi kubwa. Andika kichwa cha habari `UN POLICIER TUE` bila alama, msomaji hajui polisi ameua au ameuawa. Kwenye Windows `É` ni `Alt+0201`, na `À` ni `Alt+0192`.

Mama, hebu tuwekee barua yenyewe kama ulivyoiandika, kichwa na salamu. Nina wasiwasi nafasi si jambo pekee.

Mama Zuhura, Lyon. Jumanne, saa 2 usiku

Hii hapa, msinicheke.

```
Objet: Demande De Restitution Du Dépôt De Garantie !!!

Bonjour Mr/Mme. ,
J'ai rendu les clés le 3 Mars à 14H30.
```

Juma, Montreal. Jumanne, saa 2 na dakika 10 usiku

Hiyo `Mr` ndiyo sahihi mama, kila mtu anaandika hivyo. Kichwa nacho kimependeza.

Mwalimu Safari, Marseille. Jumanne, saa 3 usiku

Juma, kuandikwa na watu wengi na kuwa sahihi si ndugu. `Mr` ni ya Waingereza. Kifaransa ni `M.` yenye nukta, kwa sababu neno limekatwa mkia: herufi ya mwisho ya `Monsieur` haimo. `Mme` haina nukta, kwa sababu `e` ya mwisho imo. Ukishika hilo umeshika karibu vifupisho vyote: `Dr` bila nukta, `bd` bila nukta, `av.` na nukta, `etc.` na nukta moja, si tatu. Na wakili ni `Me`, mama mmoja humu aliwahi kuniuliza kwa nini barua ya wakili wake inaanza na "mimi" ya Kiingereza.

Ila hivi vyote ni kwa kumtaja mtu asiyekuwepo: nimeongea na `M.` fulani. Ukimwita mwenyewe, usimkate. Unaandika neno zima. Kwetu pia humwandikii mzee "Mz." kwenye mwanzo wa barua.

Kichwa: herufi kubwa ni moja tu, ya neno la kwanza. Ile ya kukweza kila neno ni mtindo wa Kiingereza, na nadhani mama umeitoa shuleni Tanga. Miezi na siku za wiki ni herufi ndogo. Alama tatu za mshangao kwa ofisi ya nyumba ni sawa na kugonga meza. Ingekuwa yangu ningeandika:

```
Objet : Demande de restitution du dépôt de garantie

Madame, Monsieur,

J'ai rendu les clés le 3 mars à 14 h 30. À ce jour, je n'ai
pas reçu les 650 € versés. Pouvez-vous m'indiquer la date
du virement ?
```

Ona pia nafasi kati ya tarakimu na alama ya euro, na pande zote mbili za `h`.

Bahati, Lille. Jumanne, saa 3 na nusu usiku

Saa nane na nusu ya kwetu hiyo. Miaka 11 Ulaya na bado natoa sita kila nikiangalia saa.

Mwalimu nakuheshimu, lakini yule karani anayesoma barua hizi unadhani anaangalia hayo? Wao wenyewe wanaandika `Mr`. Mzungu akikosea anaitwa mtu mwenye haraka, sisi tukikosea tunaitwa tusiojua lugha.

Mwalimu Safari, Marseille. Jumanne, saa 4 usiku

Hilo sikubishii.

Njeri, Rennes. Jumatano, saa 1 asubuhi

Samahani kurudi nyuma. Kwenye simu yangu nikiandika neno, nikaacha nafasi, nikaweka alama ya kuuliza, kibodi inairudisha nafasi nyuma na kuibandika alama kwenye neno. Nimeibadilisha iwe ya Kifaransa cha Ufaransa, ikaacha. Kumbe ilikuwa imekaa kwenye Kifaransa cha Kanada. Juma, ni wewe huyo ndani ya simu yangu.

Juma, Montreal. Jumatano, saa 9 alasiri

Haya, nimesikia. Huku kwetu bado ni sahihi.

Mama Zuhura, Lyon. Ijumaa, saa 12 jioni

Wapendwa, ahsanteni. Nimeandika kama Mwalimu alivyonipa, nimeambatisha PDF, na nimetuma LRAR kama alivyosema Bahati. Safari hii imesomeka, hakuna `Â` hata moja. Wamejibu leo. Jibu linaanza `Bonjour Mr.`, mimi mwanamke wa miaka 58.

Wanasema faili limepokelewa na litaangaliwa. Tarehe ya kupokelewa waliyoandika ni ya hii barua ya pili. Kwa hiyo narudia swali langu la Jumatatu: siku 15 zinahesabiwa kwa ipi?

Bahati, Lille. Ijumaa, saa 2 usiku

Mama, hongera. Uko Lyon, eh? Wapi huko mnapata kisamvu kisichogandishwa?