Eti "ketoni yako umeivisha baibui"! Huyu mtu wa maabara ya juu ana shida gani?

Mchemsha_Fleki:
Wakuu, sijapoa, nitukaneni baadaye. Mnamjua. Yule anayekohoa kuanzia ngazi za chini ili mjipange.

Nina asetoasetati ya ethili: ketoni upande mmoja, esta upande wa pili. Natakiwa nigeuze esta iwe alkoholi, ketoni ibaki kama ilivyo. Sasa LiAlH4 haina adabu, inakula zote mbili, tena ketoni ndiyo inayoanza kuliwa. Kwa hiyo nikatia ethilini glikoli na asidi kidogo kwenye toluini, niifunge ketoni iwe ketali. Ketali haina tena ule mlango wa C=O, LiAlH4 inapita bila kuigusa. Esta ikishaisha, unaweka asidi na maji, ketoni inarudi. Kosa liko wapi?

Akaingia na mwaka wa kwanza kama elfu tatu hivi. Akatazama mtego wa Dean-Stark unavyodondosha maji, akasema: "Ketoni yako umeivisha baibui, inakwenda harusini?" Wakacheka mpaka vioo vikatikisika. Akaamuru nizime, nichukue asetoasetati mbichi niipe LiAlH4 moja kwa moja, eti hatua mbili za ziada ni woga.

Leo infraredi imetoka. Karibu na 1700 hakuna kitu, si ketoni si esta. Kuna tumbo kubwa tu la OH pale 3400. Nimepata dioli. Akaishika ile karatasi mbele ya watu walewale, akauliza: "Ketoni iko wapi?" KETONI IKO WAPI! Si wewe uliyeivua baibui?

Bint_Reajenti:
😂😂 Harusini! Samahani ndugu, nimecheka. Ila mkono uliomimina ni wa nani?

Fomsiksi_Mstaafu:
Mnahangaika bure. Ungetumia NaBH4, ni mpole, hata baibui usingehitaji.

Mzee_wa_Safu:
Fomsiksi, upole wake ni kweli, na kwa kawaida esta inaiacha. Lakini inachokula ni ketoni, yaani kile kile kijana anachotaka kibaki. Angepata kinyume cha alichotumwa.

Mleta uzi, kinga ulihitaji, hapo huna kosa. Ila umeweka gramu ngapi, na mtegoni umepata maji kiasi gani? Kwa gramu 13 tegemea kama mililita 1.8. Reaksheni ile inarudi nyuma maji yasipotolewa, na ukikatisha njiani, ketoni ambayo haijafungwa italiwa vilevile. Halafu osha asidi yote kwa sodiamu baikaboneti na ukaushe vizuri kabla LiAlH4 haijaingia, maana ikikutana na maji inatoa haidrojeni na moto juu.

Na kuvua nako kuna mtego wake. Ile alkoholi yako iko karibu mno na ketoni. Ukizidisha asidi au joto inatoka kama maji, unabaki na methili vinili ketoni. Macho yakianza kuwasha utajua, na ni sumu, kwa hiyo fanya ndani ya kabati la hewa.

Mchemsha_Fleki:
Gramu 13 hizohizo mzee, mtego ulishafika 1.5 na bado unadondosha! HAPO ndipo alipoleta baibui. Mbele ya watu elfu nne.

Bint_Reajenti:
Si walikuwa elfu tatu?

Njia_Fupi:
Jamaa ana hoja lakini. Baran na wenzake mwaka 2007 walitengeneza molekuli ngumu za viumbe wa baharini bila kundi kinga hata moja. Kufunga na kufungua ni hatua mbili. Kila moja ikikupa asilimia 90, umebaki na 81 kabla hujafanya lolote la maana.

Mzee_wa_Safu:
Wale walipanga njia nzima upya ili kinga isihitajike. Hawakuchukua njia inayoidai wakairuka.

Njia_Fupi:
81 ni 81, mzee.

Mama_Ndizi:
Mimi nasema hivi vikundi vya kinga havisaidii kitu. Mtaani kwetu tunachangia buku mbili kila mwezi, na juzi wamebeba pampu ya maji mchana kweupe.

Fomsiksi_Mstaafu:
Mama, hapa ni kemia 😂

Mama_Ndizi:
Sawa, kemia. Pampu itarudi?

Glavu_Moja:
Nyie mnalia baibui na toluini mnayo? Sisi asetoni ya kuoshea vyombo tunapimiwa kwa kifuniko, na glavu mtu ukivaa leo unaning'iniza uvae kesho.

Bint_Reajenti:
Kifuniko cha chupa gani? Sisi hata kifuniko kimeibiwa.

Mchemsha_Fleki:
Jamani, uzi wangu. MBELE YA WATU.

Mama_Ndizi:
Glavu_Moja, hao wanaokupimieni wana namba? Nina mtu anatafuta asetoni ya kucha.