Mdogo wangu kaanguka ngazini kwa bosi wake Sharjah, aiandikieje ofisi iliyompeleka?

DadaWaMbagala

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri wa haraka maana nimechanganyikiwa. Mdogo wangu yuko Sharjah kazi za ndani, alipelekwa mwezi wa tatu na ofisi moja ya hapa Dar, jina silitaji. Juzi Jumanne alikuwa anashuka ngazi za ndani kabeba kapu la nguo, ngazi ya chini ilikuwa na maji, akateleza akaangukia kiganja cha mkono wa kushoto. Madam wake kampa panado akamwambia pumzika kidogo, jioni kazi kama kawaida. Leo ni Alhamisi mkono umevimba upande wa kidole gumba hawezi hata kukamua dekio.

Aliitumia ofisi voisi noti ya dakika kama tatu hivi huku analia, kaongea kuanguka, kachanganya na chakula hakimtoshi, kachanganya na kwamba kachoka anataka kurudi nyumbani. Wameisikiliza, tiki za bluu zipo, kimya. Sasa anataka kuwaandikia tena na kaniomba mimi nimwandikie kisha yeye akopi atume. Nimejaribu naona naandika kama barua ya kesi. Aseme nini na aache nini? Yuko ndani ya miezi sita ya mwanzo kama hilo linasaidia.

Kipepeo_Tmk

Pole sana dada. Mimi nilikuwa Muscat, nilimwagikiwa mafuta ya moto mguuni na ofisi yangu ilisema ni uzembe wangu, mpaka leo alama ipo. Mwambie arudi tu nyumbani, hela si kitu.

Chaurembo

Hapo ofisi ya Dar haina kazi tena, kazi yao iliishia uwanja wa ndege. Aende polisi moja kwa moja afungue kesi, kule sheria zipo kali.

MkalimaniMstaafu

Chaurembo uko sahihi nusu. Polisi ni kwa aliyepigwa, aliyefungiwa au aliyenyimwa hospitali kabisa. Huyu kaanguka, na madam hajakataa hospitali, hajaombwa tu kwa namna inayoeleweka. Na ofisi ndani ya miezi sita ina kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Nimekaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya kupokea mabinti upande wa Dubai, kazi yangu ilikuwa kuwatafsiria mabosi meseji za Kiswahili, ngoja niwaambie zinavyosomwa.

Kule miezi sita ya mwanzo ni ya majaribio. Binti akishindwa kazi kwa sababu ya afya ndani ya muda huo, ofisi ndiyo inabeba gharama ya kumrudisha na kumpa bosi mtu mwingine au kumrudishia hela yake. Ila binti akiacha mwenyewe bila sababu inayokubalika kisheria, tiketi ya kurudi wanaweza kuiweka juu yake. Sasa sikiliza tena ile voisi noti kwa masikio ya mtu wa ofisi: nimeanguka, chakula hakitoshi, nimechoka, nataka kurudi. Yeye anachukua neno la mwisho tu. Anafungua faili anaandika "anakataa kazi", na mkono umeshasahaulika. Ndio maana kimya, wanangoja atulie.

Kwa hiyo meseji ya kuanguka iwe ya kuanguka tu. Chakula kina meseji yake siku nyingine. Kurudi nyumbani asikutaje kabisa humu hata kama ndicho anachotaka moyoni.

Na iwe maandishi, sio sauti. Sauti hakuna anayeirudia kuisikiliza, na mtu wa ofisi ya kule hajui Kiswahili, anaomba yeyote aliye karibu amwambie inasema nini. Sentensi fupi fupi, kila moja na jambo moja, ndio zinafika bila kuharibika. Tuma hapa ulichoandika tukione.

DadaWaMbagala

Asante sana mkuu. Niliandika hivi: "Shikamooni. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni binti yenu mliyenileta Sharjah, nimepata ajali mbaya sana kwa sababu hawa watu hawajali, ngazi zao zina maji kila siku, mkono wangu nahisi umevunjika na madam hana huruma hata kidogo. Naombeni msaada wenu jamani nateseka."

MkalimaniMstaafu

Dada umeandika vizuri kwa mtu anayekupenda, ila huyu hakupendi hakuchukii, ana mabinti wengi kwenye simu hiyo hiyo. "Mbaya sana" haimwambii kitu. "Umevunjika" hujui, na eksirei ikionyesha haujavunjika watasema binti ni mwongo hata kwa yale ya kweli. "Hawajali" na "hana huruma" zitafika kwa madam kama zilivyo, maana ofisi ikibanwa inamfowadia, na binti bado analala nyumba ile. Aandike alichoona, alichofanya, alichosema, kinachouma wapi na kinachomshinda nini. Jaribu hivi:

"Habari za asubuhi. Mimi ni (jina kama lilivyo kwenye pasipoti), pasipoti namba (namba). Niko nyumba ya Sharjah tangu mwezi wa tatu. Jumanne tarehe 8 Julai, saa 10:00 asubuhi kwa saa za huku, nilikuwa nashuka ngazi za ndani. Nilibeba kapu la nguo. Ngazi ya mwisho ilikuwa na maji. Niliteleza nikaangukia kiganja cha mkono wa kushoto. Sikugonga kichwa. Sikuzimia. Madam alikuwepo, nilimwambia muda ule ule, akanipa panado mbili. Leo Alhamisi tarehe 10 Julai kifundo cha mkono wa kushoto kimevimba upande wa kidole gumba. Siwezi kukamua dekio. Siwezi kubeba ndoo. Kazi za mkono mmoja naweza. Naomba ofisi iongee na madam leo nipelekwe hospitali nikapigwe eksirei. Naomba jibu kwa maandishi."

Hiyo saa nimeiandika 10:00 makusudi. Yeye akiandika saa nne kama tunavyosema sisi, kule wanasoma saa kumi alfajiri au jioni au wanavyojua wao, halafu wanasema binti anajichanganya. Na "kazi za mkono mmoja naweza" ndiyo inayozuia lile faili la anakataa kazi, msiifute.

Bi_Mchafukoge

Mie hiyo ya maji kwenye ngazi ningeitoa. Madam akisoma ataona analaumiwa, na anayefuta ngazi si ndio huyo huyo binti? Watamgeuzia.

MkalimaniMstaafu

Hoja yako ina uzito. Mimi ningeiacha kwa sababu ni kitu alichokiona, hajasema nani kamwaga. Akiitoa leo halafu akaisema mwezi ujao itaonekana ameitunga. Lakini anayeijua nyumba ni yeye, amuulize mdogo wake yale maji yalitoka wapi.

DadaWaMbagala

Anasema kiyoyozi cha juu kinadondosha, na alishamwambia madam kabla.

MkalimaniMstaafu

Basi aongeze moja tu: "Maji yanatoka kwenye kiyoyozi." Aishie hapo. Hilo la kumwambia madam kabla abaki nalo, akiulizwa ndipo ajibu.

TabibuWaZamu

Wakuu mimi ni tabibu, niingie kidogo kwenye mkono. Kuangukia kiganja halafu maumivu yakakaa chini ya kidole gumba, pale kwenye kishimo kinachotokea ukinyanyua kidole gumba juu, hapo kuna mfupa mdogo unaovunjika mara nyingi na unadanganya sana. Eksirei ya siku za mwanzo inaweza kutoka safi kabisa na mfupa umepata ufa. Akibonyeza kile kishimo akasikia maumivu makali, hata picha ikiwa safi afungwe mkono usicheze na arudie picha baada ya siku 10 mpaka 14. Ukiachwa hivi hivi unaweza usiunge, maana damu inayoufikia ni kidogo, na maumivu yakabaki miaka. Asichuliwe, asikandwe.

Na kama aligonga kichwa kidogo hata kama hakuzimia, akaanza kutapika au kusinzia kusiko kawaida, asingoje meseji ya mtu. Gari la wagonjwa kule ni 998.

Kipepeo_Tmk

Mbona mimi bibi yangu alinikanda na maji ya chumvi nikapona?

TabibuWaZamu

Si wewe ulimwagikiwa mafuta dada 😅

Chaurembo

Oke nimeelewa ya polisi. Ila hospitali nani analipa? Hapo ndipo watakapomkwamisha, watamkata mshahara.

MkalimaniMstaafu

Tangu Januari 2025 hata Sharjah na zile emireti za kaskazini kibali cha makazi cha mfanyakazi wa ndani hakitoki bila bima ya afya, na kibali chake ni cha mwaka huu huu. Kwa hiyo bima ipo, mara nyingi ipo kwenye simu ya bosi na binti hajawahi kuiona. Kuna kiasi kidogo mgonjwa anachangia na gharama za matibabu ni za bosi, sio za binti. Kuhusu kupumzika, sheria yao ya 2022 ya wafanyakazi wa ndani inampa mpaka siku 30 za ugonjwa kwa mwaka, 15 za mwanzo kwa mshahara kamili na 15 bila mshahara, lakini kwa karatasi ya daktari. Bila karatasi hana siku hata moja. Akifika hospitali jambo la kwanza ni kuomba ripoti na kuipiga picha palepale, maana ile karatasi ikiingia kwenye pochi ya madam ndio imeenda.

Meseji atume kwa ofisi zote mbili, ya Dar na ya kule, maneno yale yale bila kubadili. Skrinishoti na picha ya mkono akutumie wewe dada uzitunze, simu za mabinti hupokonywa. Na wakimletea karatasi ya Kiarabu asaini, aseme naomba niipige picha kwanza nisomewe.

DadaWaMbagala

Wakuu nimerudi. Alituma jana, ofisi ya Dar ikajibu baada ya kama saa mbili "tumepokea tunafuatilia", jioni madam mwenyewe kampeleka hospitali. Picha imetoka safi. Sasa ofisi wameandika: "Daktari amesema mzima, endelea na kazi." Karatasi ya hospitali ninayo kwa picha, imeandikwa kwa Kiingereza mkono ufungwe na arudi baada ya wiki mbili. Kile kishimo akibonyeza anaruka.

TabibuWaZamu

Basi ndio ile ile niliyosema. Asivue kile kifungio hata wakati wa kuosha vyombo.

MkalimaniMstaafu

Asibishane na neno mzima. Aandike: "Asante kwa kunipeleka hospitali. Naambatanisha ripoti. Daktari ameandika mkono ufungwe na nirudi baada ya wiki mbili. Naomba ofisi inithibitishie tarehe ya kurudi hospitali. Mpaka tarehe hiyo nitafanya kazi za mkono mmoja." Wakikaa kimya baada ya hapo wewe uliye Dar ndio uchukue zile meseji zote uende TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, na nakala iende ubalozi wetu Abu Dhabi au konseli ya Dubai.

Bi_Mchafukoge

Na madam akisema mkono mmoja haunisaidii, namrudisha ofisini?

MkalimaniMstaafu

Hapo sikudanganyi, anaweza. Yuko kwenye majaribio. Ila atarudishwa akiwa na ripoti mkononi na tarehe ya kuanguka imeandikwa, na ofisi haitasema kaacha kazi mwenyewe. Kama watamtibu mpaka mwisho au watamkatia tiketi haraka, nimeona yote mawili.

DadaWaMbagala

Sawa mkuu, namtumia hiyo sasa hivi kabla hajanyang'anywa simu ya usiku.